Sikaa Haikai Mstarini: Kairo, 1932

Mwezi Machi 1932, katika jengo la Taasisi ya Muziki wa Mashariki kwenye Mtaa wa Malkia Nazli mjini Kairo, walikutana watu ambao si rahisi kuwaona pamoja. Alikuwapo Bela Bartok kutoka Budapest na Paul Hindemith kutoka Berlin. Alikuwapo Rauf Yekta Bey, mzee wa Istanbul aliyekuwa ameandika kwa Kifaransa maelezo marefu ya muziki wa Kituruki. Walikuwapo wapigaji wa udi, ganuni na nai kutoka Baghdad, Tunisi, Tlemcen na Fas, pamoja na wenyeji wao wa Misri. Mfalme Fuad wa Kwanza ndiye aliyewaita, na kazi yao ilikuwa kuutazama upya muziki wa Kiarabu, kuupanga na kuamua ufundishwe vipi. Waligawanywa katika kamati. Moja ilishughulikia ala, nyingine historia na miswada, nyingine maqamu na midundo, nyingine kurekodi. Kamati iliyopewa swali dogo kuliko yote kwa maneno ilikuwa ile ya skeli, chini ya Padri Collangettes, Mjesuiti wa Beirut. Swali lenyewe lilikuwa hili: noti iitwayo Sikaa iko wapi hasa?

Anayejua kusoma Kurani kwa maqamu, au aliyewahi kuketi karibu na mpiga ganuni wa taarabu, ameisikia Sikaa hata kama hakuijua kwa jina. Anza na sauti ya kwanza ya maqamu ya Rasti, ambayo yenyewe huitwa Rasti. Panda toni moja, ufike Dukaa. Panda tena, lakini usifike toni nzima na wala usiishie kwenye nusu toni. Simama katikati. Hapo ndipo Sikaa, na juu yake ipo Jaharkaa. Kwenye piano nafasi hiyo haipo. Kidole kikibonyeza chini yake, wimbo unaingia huzuni ya Nahawandi. Kikibonyeza juu yake, unasikia Ajami, mlio wa bendi ya gwaride. Rasti yenyewe haiko upande wowote kati ya hizo mbili.

Swali la mahali pa noti hiyo halikuzaliwa Kairo. Lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na jibu la kwanza lenye jina la mtu lilitoka Baghdad.

Mtu huyo ni Mansur Zalzal, mpigaji udi wa zama za Harun Rashid, aliyefariki mwaka 791. Zalzal hakutuachia kitabu. Aliyetueleza alichokifanya ni Farabi, mwanafalsafa aliyefariki Dameski mwaka 950, katika Kitabu Kikubwa cha Muziki. Farabi alipima shingo ya udi na kueleza mahali pa kila kidole kwa mgawanyo wa urefu wa uzi, na maelezo yake ni wazi kiasi kwamba msomaji mwenye rula anaweza kuyafuata leo.

Chukua uzi wenye urefu wa sentimita 60 kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja, ambao ni urefu wa kawaida wa udi wa Kiarabu. Kidole cha shahada kinakaa pale inapokwisha sehemu moja ya tisa ya uzi, yaani sentimita 6.7 kutoka mwanzo. Hiyo ni toni moja. Kidole cha pete kinakaa toni nyingine mbele, kwenye sentimita 12.6. Hapo unapata sauti ya tatu iliyo kubwa, yenye uchangamfu. Linabaki swali la kidole cha kati. Waajemi, kwa mujibu wa Farabi, walikiweka katikati ya shahada na pete, kwenye sentimita 9.6, na sauti yake ni ya tatu iliyo ndogo, ya huzuni. Zalzal akachukua nafasi iliyobaki kati ya kidole cha Waajemi na kidole cha pete, akaigawa tena nusu kwa nusu. Kidole chake kikaangukia sentimita 11.1. Tangu siku hizo wanazuoni wameiita nafasi hiyo kidole cha kati cha Zalzal, na Sikaa ya leo ni mjukuu wake.

Tazama njia aliyoitumia. Zalzal hakuanza na nadharia ya namba. Alikata urefu wa uzi kwa nusu, kama fundi anavyotafuta katikati ya ubao, kisha sikio likathibitisha. Kwa kipimo cha senti, alichokitunga Mwingereza Alexander Ellis na kukieleza katika makala yake maarufu ya mwaka 1885, umbali kutoka sauti moja hadi mwenziwe wa juu, yaani oktavu nzima, ni senti 1,200, na kila nusu toni ya piano ni senti 100. Kwa kipimo hicho, sauti ya tatu iliyo ndogo kwenye piano ni senti 300 na iliyo kubwa ni senti 400. Kidole cha Zalzal kinatoa senti 355.

Waliomfuata walikuwa na mizani nyingine. Safiyuddin Urmawi, mwanamuziki na katibu wa Baghdad aliyeishi hadi mwaka 1294, aliigawa oktavu katika noti 17 kwa hesabu iliyotokana na robo tatu na theluthi mbili za uzi, na wanazuoni wa Kiajemi na Kituruki wakamfuata kwa karne nyingi. Katika hesabu zake, jirani wa karibu wa kidole cha Zalzal alisogea juu, kwenye senti 384, karibu kabisa na sauti ya tatu kubwa iliyo safi. Kwenye uzi wetu wa sentimita 60 kidole kimehama kutoka sentimita 11.1 hadi 11.9. Milimita nane hazionekani kuwa nyingi, lakini sikio la mpigaji linazisikia bila shida, na ugomvi wa Kairo mwaka 1932 ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa milimita hizo.

Wazungu waliingia katika habari hii na jeshi la Napoleoni. Kati ya wanazuoni alioandamana nao Misri mwaka 1798 alikuwapo Guillaume Villoteau, mwimbaji wa Paris, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza muziki wa nchi. Sikio lake lililolelewa na noti kumi na mbili lilisikia waimbaji wa Kairo kama watu wanaokosea sauti. Alipokaa na walimu akagundua kuwa wanakosea mahali palepale kila siku, na kosa linalorudi mahali palepale kila siku si kosa. Akaandika kuwa Waarabu wanaigawa toni katika theluthi. Theluthi hazikudumu katika vitabu vya waliomfuata, lakini tatizo la kalamu yake limedumu. Mistari mitano aliyokuja nayo ina nafasi saba katika kila oktavu na alama mbili za kuzisogeza, flati na shapu, kila moja kwa nusu toni. Ilitungwa kwa ajili ya muziki ambao sauti zake zilikuwa zinajulikana tayari. Villoteau alipotaka kuonesha sauti ya tatu isiyo ndogo wala kubwa ilimbidi abuni alama nyingine, na kila aliyekuja baada yake naye akabuni zake.

Aliyezipata namba zilizokubalika kwa urahisi kuliko zote alikuwa mtu wa Lebanoni. Mikhail Mishaka alizaliwa mwaka 1800, akakulia Deir al-Kamar, akawa tabibu mjini Dameski, na katika ujana wake alisoma muziki kwa sheikh mmoja wa huko aliyeitwa Muhammad Attar. Karibu mwaka 1840 aliandika risala aliyoinasibisha na Amiri Bashir Shihabi. Humo aliigawa oktavu katika robo 24. Hesabu yake ni nyepesi: katika ngazi saba za skeli ya Rasti, tatu ni pana na zina robo nne kila moja, nne ni finyu na zina robo tatu kila moja. Tatu mara nne ni kumi na mbili, nne mara tatu ni kumi na mbili, jumla ishirini na nne. Kutoka Rasti hadi Dukaa robo nne. Dukaa hadi Sikaa tatu. Sikaa hadi Jaharkaa tatu. Kisha nne, nne, tatu na tatu, umerudi nyumbani. Mmisionari wa Kimarekani aliyekuwa Beirut, Eli Smith, aliifasiri risala hiyo kwa Kiingereza ndani ya miaka kumi, na hivyo ikasomwa Ulaya na Marekani kabla ya kuchapwa kwa wingi katika Kiarabu.

Ni rahisi kuona kwa nini hesabu ya Mishaka iliwavutia Wamisri wa karne ya ishirini. Ishirini na nne ni kumi na mbili mara mbili. Chukua piano ya Ulaya, ongeza ufunguo mmoja kati ya kila funguo mbili, kazi imekwisha. Chukua mistari mitano, ongeza alama mbili tu, flati iliyokatwa kwa kistari yenye maana ya shusha robo, na shapu ya mguu mmoja yenye maana ya pandisha robo, nayo kazi imekwisha. Misri ilikuwa inajenga shule, bendi za jeshi na tasnia ya sahani za santuri. Ilihitaji noti inayoweza kuchapwa Kairo asubuhi na kupigwa Aleksandria jioni na watu ambao hawajawahi kuonana. Ombi hilo halikuwa la kijinga, na wanaolicheka leo wanasahau kuwa mwalimu mwenye wanafunzi arobaini hawezi kumkalisha kila mmoja gotini kama sheikh alivyomkalisha Mishaka.

Basi turudi kwenye meza ya Padri Collangettes.

Mezani palikuwa na maoni mawili makubwa, na kila moja lilikuwa na kitu cha kweli. Wamisri wengi walitaka robo 24 zilizo sawa, kila moja senti 50, hivyo Sikaa iwe senti 350 juu ya Rasti. Waturuki, na Rauf Yekta akiwa ndiye sauti yao, walisema toni haigawanyiki sawasawa. Kwao skeli ya asili ni ya noti 24 zisizolingana, zilizotoka katika hesabu ya Urmawi, na Sikaa ni senti 384. Mtu mmoja muhimu hakuwapo chumbani. Huyo alikuwa Baroni Rodolphe d'Erlanger, tajiri wa ukoo wa mabenki aliyejijengea kasri Sidi Bou Said, Tunisia, na kutumia miaka yake ya mwisho kufasiri miswada ya Farabi na wenzake. Wazo la mkutano lilikuwa lake kwa sehemu kubwa. Orodha ya maqamu iliyokuja mezani aliiandaa pamoja na Sheikh Ali Darwish wa Halab, mpiga nai. Lakini ugonjwa ulimzuia kusafiri, na mwezi Oktoba mwaka huohuo akafariki.

Kamati ikasikiliza na ikapima. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na sababu yake inafaa kuelezwa polepole kwa kuwa ndiyo kiini cha habari yote.

Tuseme unataka kujua Sikaa ya kweli ni ipi. Unampa mpigaji mmoja hodari udi wenye uzi wa sentimita 60 na kumwomba apige Rasti. Udi hauna vizuizi shingoni, kwa hiyo kidole kinasimama popote sikio linapotaka. Ukipima kidole cha Mmisri, kitaelea jirani na sentimita 11, pale penye robo iliyo sawa na pale penye kidole cha Zalzal. Kati ya nafasi hizo mbili kuna takriban milimita moja tu, na ncha ya kidole ni pana kuliko hiyo. Ukipima kidole cha mtu wa Istanbul, kitakuwa karibu na sentimita 12. Mtu wa Halab huwa kati yao. Ukichukua wastani wa watatu hao utapata Sikaa isiyo ya mji wowote, na hakuna atakayeikubali akiisikia. Mpaka hapa unaweza kusema basi kila mji na noti yake, andika namba tatu.

Sasa mwombe yule Mmisri wa kwanza apige Bayati. Bayati inaanzia Dukaa, na ngazi yake ya pili ni Sikaa hiyohiyo, kwa jina hilohilo. Pima tena. Kidole kimeshuka. Si sana, pengine senti kumi, pengine zaidi, lakini kimeshuka, na mpigaji mwenyewe atakwambia bila kuona ajabu kwamba Sikaa ya Bayati iko chini kuliko ya Rasti. Katika Rasti noti hiyo inavutwa juu kuelekea Jaharkaa. Katika Bayati inaegemea Dukaa, ambayo ndiyo nyumbani. Maqamu ya Hijazi nayo ina habari yake: noti ya pili hupandishwa kidogo na ya tatu hushushwa kidogo, mpaka ule mwanya mpana kati yao unakuwa finyu kuliko unavyoonekana kwenye karatasi. Mchezaji wa kigeni anayeipiga Hijazi kama ilivyoandikwa hutambulika papo hapo, kwa kuwa mwanya wake unapiga kelele.

Kwa hiyo swali la kamati, Sikaa iko wapi, lilikosa neno moja. Lilipaswa kuuliza Sikaa ya maqamu gani, katika mji gani, wimbo ukiwa unapanda au unashuka. Kila aliyetaka kuilaza Sikaa juu ya namba moja alikuwa amepima kweli, ila alipima wakati mmoja tu wa maisha ya noti hiyo. Mkutano ulifungwa mwanzoni mwa Aprili bila muafaka juu ya skeli. Kamati ya ala nayo iligawanyika juu ya piano, ambazo mkutanoni zilikuwapo za robo toni zilizotengenezwa makusudi. Curt Sachs, Mjerumani aliyeiongoza kamati hiyo, pamoja na wenzake wa Ulaya, waliogopa kuwa piano itaua kile walichokuja kukisikiliza. Wenyeji kadhaa waliona wageni wanataka wao wabaki makumbusho. Nikisoma habari za mabishano yale, naona kila upande ulikuwa na haki ya kuudhika.

Kumbe jibu lililo bora zaidi lilikuwa linaandaliwa chumba kingine, na watu waliokuwa hawana muda wa namba. Kamati ya kurekodi iliongozwa na Robert Lachmann wa Berlin, Bartok akiwa mmoja wa wajumbe wake. Kampuni ya Gramofoni, ileile iliyomrekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928, ilileta mitambo. Wakawaita wanamuziki kundi kwa kundi. Kutoka Baghdad alikuja Muhammad Kubbanji, mwimbaji kijana wa maqamu za Kiiraki, na nyuma yake wapigaji ambao wengi wao walikuwa Mayahudi wa Iraki, Azuri Harun akishika udi. Kutoka Tunisi alikuja Khamis Tarnan. Kutoka Tlemcen alikuja Sheikh Larbi Bensari. Zaidi ya sahani 150 zilitoka katika kazi hiyo. Ndani ya sahani hizo Sikaa ya Baghdad ipo kama ilivyokuwa Baghdad, na ya Tunisi kama ilivyokuwa Tunisi, na hakuna aliyelazimika kukubaliana na mwenzake.

Mkutano ulikwisha lakini uandishi uliendelea, kwa kuwa shule zilihitaji vitabu. Misri na nchi za Shamu zilishika robo za Mishaka pamoja na alama zake. Uturuki ilikwenda njia nyingine. Baada ya Yekta walikuja Arel, Ezgi na Uzdilek, ambao waliigawa toni katika koma tisa na kuweka alama kwa ajili ya koma moja, nne, tano na nane. Matokeo yake ni mtego ambao ningemtahadharisha nao kila mwanafunzi. Flati iliyokatwa kwa kistari, ikiwa kwenye karatasi ya Kairo, inaishusha noti senti 50. Alama hiyohiyo kwenye karatasi ya Istanbul inaishusha koma nne, yaani senti 90 hivi, karibu nusu toni nzima. Flati iliyogeuzwa nyuma kwa Mturuki ni koma moja, senti 23 hivi, na ndiyo anayoiandikia Segah yake. Kwa watunzi wa Ulaya wa robo toni alama hiyo ni senti 50. Anayetoa karatasi mahali pasipojulikana na kuanza kupiga anaweza kukosea karibu kila noti yenye alama huku akiamini kuwa anasoma sawasawa. Dalili ni rahisi kuikamata: Rasti ikisikika kama Nahawandi, umeisoma karatasi ya Kairo kwa macho ya Istanbul.

Lakini hata msomaji asiyechanganya alama bado ana kazi. Andika Rasti kuanzia do. Mwanzoni mwa mistari utaweka flati mbili zilizokatwa, moja kwenye mi na moja kwenye si. Andika Bayati kuanzia re. Utaweka flati iliyokatwa kwenye mi, na flati nzima kwenye si. Ile mi imekaa kwenye mstari uleule, ina alama ileile, na kila sheria ya mistari mitano inasema ni sauti moja. Mpigaji anajua ni mbili. Kisha tazama si ya Rasti. Wimbo ukipanda ni flati iliyokatwa, ukishuka mara nyingi huwa flati nzima, na mtunzi wa karatasi ama aiandike kila mara ama amwachie mpigaji. Juu ya hayo, do ya karatasi si lazima iwe do ya piano. Rasti hukaa pale koo la mwimbaji linapostarehe, na kundi zima hulegeza au kukaza nyuzi kumfuata.

Ganuni ilipita njia hiyohiyo ya karatasi. Zamani mpigaji alitengeneza nyuzi kwa maqamu moja, na akihitaji noti ya kupita aliibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kisha vikaja vijiti vidogo vya kugeuza kando ya nyuzi, ambavyo hubadilisha urefu wa uzi kwa kiasi kilichopangwa na fundi kabla ya wimbo kuanza. Ni urahisi mkubwa, ila fundi sasa ndiye aliyeamua Sikaa iko wapi. Wapigaji wa Kituruki walijaza vijiti vingi mpaka kila nusu toni ina hatua kadhaa. Wapigaji wa Kiarabu walibaki na vichache, na wenye masikio makali bado hutumia ukucha.

Habari hii ilifika pwani yetu kabla ya mkutano wa Kairo. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na kwa miaka mingi walijifunza kwa sikio, kwanza kwa mwalimu, halafu kwa santuri na redio ya Misri. Ndiyo kusema walipokea Sikaa bila namba yoyote kuandamana nayo. Kisha ikaja kodiani. Kodiani ina noti kumi na mbili kama piano, na haibembelezeki. Ikishika wimbo wa Rasti pamoja na ganuni na fidla, kuna mambo mawili tu: ama mpigaji wake anyamaze kila Sikaa inapopita, ama apige ya jirani na sauti mbili zigombane masikioni mwa wasikilizaji. Njia ya tatu ndiyo iliyopendwa na vinanda vya umeme, nayo ni kutunga nyimbo katika Nahawandi na Ajami pekee, ambazo hazina Sikaa ya kugombaniwa. Chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, kilichofunguliwa mwaka 2002, kinafundisha ganuni na udi, na huko noti za mistari mitano hutumika kama zinavyotumika Kairo.

Sioni sababu ya kuitupa mistari hiyo. Inamkumbusha mpigaji wimbo unakwenda wapi, inahifadhi mtungo wa mtu aliyefariki, inawawezesha wapiga fidla kumi kuingia pamoja. Isichoweza ni kuisema Sikaa, na wala haikutungwa kwa ajili hiyo. Sahani za mwaka 1932 zilikaa miaka mingi katika maktaba, seti moja ikiwa Paris kama zawadi ya Mfalme Fuad, mpaka zikatolewa zote mwaka 2015 katika diski 18 na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa pamoja na mamlaka ya utamaduni ya Abu Dhabi. Anayefundisha ganuni au udi kwa karatasi, Unguja, Mombasa au Maskati, na aziweke sahani hizo mezani pamoja na kitabu, aandike jina la maqamu na la mji juu ya kila ukurasa, kisha amwache mwanafunzi aitafute Sikaa kwa kidole chake mwenyewe.